Jinsi ya kulinganisha masharti ya mkopo wa biashara na hesabu zako halisi kabla benki haijakuandikia barua

Kila mwaka masika yakikaribia kwisha napokea maswali yaleyale kutoka kwa wenye hoteli ndogo za Jambiani, Paje, Nungwi, na siku hizi hata Pemba: "Nalipa kila rejesho kwa wakati, kwa nini benki inasema nimevunja mkataba?" Jibu ni kwamba mkataba wa mkopo una ahadi za aina mbili. Ya kwanza ni kulipa. Ya pili ni kuiweka biashara katika hali fulani, na kuithibitishia benki hali hiyo kwa karatasi ndani ya siku zilizoandikwa. Mtu anaweza kulipa kila shilingi na bado akaivunja ahadi ya pili.

Mwongozo huu unahusu ahadi hiyo ya pili. Nimeuandikia mwenye biashara au karani wake wa hesabu, mtu anayejua kusoma mizania na taarifa ya mapato lakini hajawahi kukaa na mkataba na kikokotoo pamoja. Mfano nitakaoutumia ni wa hoteli ya vyumba 18 ya pwani ya mashariki ya Unguja. Mwenyewe ni bibi wa makamo aliyeijenga chumba kwa chumba. Tarakimu nimezibadilisha ili asijulikane, lakini mambo yalikwenda kama nitakavyoyaeleza.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Mkataba wa mkopo wote, pamoja na barua ya ofa, viambatisho, na kila barua ya marekebisho uliyowahi kutia saini.
- Hesabu za mwezi kwa mwezi za miezi 24 iliyopita. Za mwaka peke yake hazitoshi.
- Jedwali la marejesho kutoka benki, likionyesha deni la msingi, yaani fedha zenyewe ulizokopa, na riba, kila kimoja peke yake.
- Karatasi za madeni mengine yote: ovadrafti, mkopo wa gari, fedha ulizoikopesha kampuni mwenyewe, mkataba wa kukodi ardhi.
- Hesabu za mwisho zilizokaguliwa.
- Kalenda yenye sikukuu za umma.

Tenga siku nzima kwa mara ya kwanza. Robo mwaka zinazofuata itakuchukua saa mbili.

Hatua ya 1: Panga karatasi kwa tarehe, halafu soma kuanzia ya mwisho

Barua ya marekebisho ya juzi inaweza kuwa imebadilisha kiwango kilichomo kwenye mkataba wa miaka mitatu nyuma. Nimeona karani akipima uwiano wa kumudu deni, yaani fedha za biashara zikigawanywa kwa marejesho ya madeni, kwa 1.20 mwaka mzima, na barua ya kuongezewa ovadrafti ilikwishapandisha kiwango hadi 1.25 katika aya ya nne, chini kabisa ya ukurasa. Bosi alitia saini ili apate ovadrafti, na aya ile hakuna aliyeisoma.

Hatua ya 2: Chomoa kila sharti, uliweke kwenye jedwali moja

Fungua karatasi ya Ekseli yenye safu sita: namba ya kifungu, maneno ya sharti kama yalivyoandikwa, kiwango, tarehe ya kupimwa, siku ya mwisho ya kupeleka taarifa, na nani anatia saini. Usifupishe maneno ya sharti. Ukiyafupisha utakuwa umeyatafsiri kabla hujayaelewa.

Kwa hoteli yetu, ukiondoa masharti ya kawaida ya bima na leseni, yalibaki manne yenye uzito:

1. Uwiano wa kumudu deni usishuke chini ya 1.25, upimwe mwisho wa kila robo mwaka kwa miezi 12 iliyopita.
2. Jumla ya madeni isizidi mara 1.5 ya mtaji halisi.
3. Hesabu za ndani za kila robo zifike benki ndani ya siku 45, zikiwa na cheti cha kutimiza masharti kilichotiwa saini na mkurugenzi.
4. Hesabu zilizokaguliwa zifike ndani ya siku 120 baada ya mwaka wa hesabu kwisha.

Hatua ya 3: Nenda kwenye sura ya fafanuzi

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na ndipo wengi wanapoparuka. Mikataba yetu mingi imeandikwa kwa Kiingereza cha kisheria. Humo utaona baadhi ya maneno yanaanza na herufi kubwa katikati ya sentensi. Kila neno la namna hiyo lina maana yake maalumu katika sura ya fafanuzi, na maana hiyo ndiyo inayotawala, hata kama mhasibu wako, mkaguzi wako na kitabu cha chuoni wana maana nyingine. Ukiona "faida" imeanza na herufi kubwa, jua hiyo siyo faida iliyo kwenye hesabu zako.

Chukua kalamu ya rangi. Kwa kila sharti la tarakimu, piga mstari chini ya kila neno lenye herufi kubwa, halafu andika ufafanuzi wake wote pembeni. Mara nyingi ndani ya ufafanuzi mmoja utakuta neno jingine lenye herufi kubwa. Lifuate nalo mpaka ufike mwisho.

Kwa hoteli yetu, katika uwiano wa kumudu deni, kilichotafutwa juu ya mstari wa mgawanyo kilikuwa faida ya uendeshaji kabla ya riba, kodi na uchakavu, kisha utoe mapato yasiyo ya kawaida, utoe kodi iliyolipwa taslimu, na utoe manunuzi ya mali za kudumu yasiyogharamiwa kwa mkopo. Chini ya mstari: deni la msingi na riba ya madeni *yote* ya kampuni, pamoja na riba ya ovadrafti na marejesho ya taasisi nyingine. Karani wa hoteli alikuwa akiweka juu faida ya uendeshaji tupu, na chini mkopo wa benki hii peke yake. Ndivyo alivyofundishwa, na katika mtihani angepata alama zote.

*Tahadhari:* Angalia kama mkataba unasema hesabu zitengenezwe kwa viwango vya uhasibu vinavyotumika siku ya kupima, au kwa vile vilivyokuwepo siku ya kutia saini. Tangu tarehe 1 Januari 2019, kiwango cha IFRS 16 kimeingiza mikataba mingi ya kukodi ndani ya mizania kama deni. Kwetu jambo hili lina uzito wa pekee, kwa sababu ardhi ya Zanzibar ni ya umma na hoteli nyingi za ufukweni zimesimama juu ya ardhi ya kukodishwa kwa miaka mingi. Pango la kila mwaka lisilobadilika likishaingia kwenye mizania kama deni, sharti la madeni kwa mtaji linasogea bila wewe kukopa hata senti.

Hatua ya 4: Hakikisha unapima dirisha sahihi

"Kila robo mwaka" ni mara ngapi unapimwa. "Miezi 12 iliyopita" ni muda gani unapimwa. Usivichanganye. Kwa hoteli ya pwani tofauti ni kubwa mno. Hizi ndizo fedha za hoteli yetu baada ya kutoa vyote ambavyo mkataba unataka vitolewe:

- Julai hadi Septemba 2024: milioni 112
- Oktoba hadi Desemba 2024: milioni 78
- Januari hadi Machi 2025: milioni 71
- Aprili hadi Juni 2025: hasi milioni 13

Robo ya mwisho ni masika. Wageni wachache, vyumba vinapakwa chokaa, wafanyakazi wengine wako likizo, na mwezi wa Mei ulinunuliwa jenereta. Kama mkataba ungepima robo peke yake, hoteli hii ingevunja sharti kila tarehe 30 Juni mpaka deni liishe, hata katika miaka mizuri. Kwa miezi 12, robo zote nne zinabebana. Kama bado hujasaini mkataba wako na unasema robo peke yake, omba ibadilishwe. Hili ofisa mikopo anayeifahamu pwani yetu hulielewa upesi ukimwonyesha hesabu za miaka miwili mwezi kwa mwezi.

Hatua ya 5: Piga hesabu mara mbili, yako na ya mkataba, uziweke sambamba

Kwanza ya karani, kwa makadirio mpaka 30 Juni 2025. Faida ya uendeshaji kwa miezi 12 ilikuwa milioni 312. Deni la msingi lililorejeshwa milioni 120, riba milioni 79, jumla 199. Ukigawa 312 kwa 199 unapata 1.57. Yuko mbali juu ya 1.25, na amelala usingizi.

Sasa ya mkataba. Tunaanza na 312 ileile.

Katika mapato kulikuwa na milioni 22 za fidia ya bima, kwa paa la makuti la mgahawa lililoungua Oktoba. Hayo ni mapato yasiyo ya kawaida, yanatoka: 290. Kodi iliyolipwa taslimu ni milioni 24: 266. Jenereta ya Mei ilinunuliwa kwa fedha za hoteli, milioni 18: tunabaki na 248.

Chini, kwenye 199 tunaongeza riba ya ovadrafti milioni 9 na marejesho ya gari la kupokelea wageni, lililokopwa taasisi nyingine, milioni 11. Jumla 219.

Kwenye karatasi inakuwa hivi:

```
=(312-22-24-18)/(120+79+9+11)
```

Jibu ni 1.13. Sharti ni 1.25. Limevunjwa.

Nilipomweleza yule bibi alinitazama kwa muda, kisha akasema, "Mwanangu, mimi sijakosa rejesho hata moja. Hata mwezi wa nne, wakati hoteli imefungwa, nililipa." Na ni kweli. Risiti zote alikuwa nazo kwenye mkoba wa plastiki. Ndiyo maana nasisitiza hesabu mbili zikae sambamba: ukiziona pamoja, unaona mara moja ni mistari gani mitano iliyokuteremsha kutoka 1.57 hadi 1.13, na unajua pa kuanzia mazungumzo.

Fanya vivyo hivyo kwa sharti la pili. Karani alihesabu mkopo wa benki milioni 420, ovadrafti 60 na gari 19, jumla 499, dhidi ya mtaji halisi wa milioni 430. Jibu 1.16, salama. Lakini ufafanuzi wa mkataba ulitaka pia deni la kukodi ardhi, milioni 85, na "mkopo wa mwanahisa usiowekwa nyuma ya deni la benki". Bibi alikuwa ameikopesha kampuni yake mwenyewe milioni 150 za kumalizia vyumba vya juu, bila karatasi yoyote. Ukijumlisha vyote unapata 734, na 734 kwa 430 ni 1.71. Hapa pia limevunjwa, kwa sababu ya fedha zake mwenyewe!

Dawa ya hili ilikuwa nyepesi. Alitia saini hati inayosema hatadai milioni 150 zake mpaka benki ilipwe kwanza. Ufafanuzi wa mkataba uliruhusu mkopo wa namna hiyo uhesabiwe kama mtaji. Deni likashuka kuwa 584, mtaji ukapanda kuwa 580, na uwiano ukawa 1.01. Lakini hati lazima iwe imesainiwa na kukubaliwa na benki *kabla* ya siku ya kupima. Iliyosainiwa Julai haisaidii kipimo cha Juni.

*Tahadhari:* Usikadirie kwenda juu. 1.246 siyo 1.25, isipokuwa mkataba wenyewe unasema uwiano unakadiriwa hadi desimali mbili. Acha Ekseli ionyeshe desimali nne.

Hatua ya 6: Geuza uwiano kuwa shilingi

Uwiano haumwambii mwenye hoteli afanye nini. Shilingi zinamwambia. Zidisha jumla ya chini ya mstari kwa kiwango: 219 mara 1.25 ni milioni 273.75. Tunazo 248. Pengo ni karibu milioni 26. Hapo mtu anaweza kufikiri.

Tulijiuliza: kama jenereta ingesubiri Julai? Tungepata 266 kwa 219, yaani 1.21. Bado. Na ukarabati wa paa lililoungua, milioni 15, ambao karani aliuweka kwenye gharama za kawaida? Mkataba uliondoa *mapato* yasiyo ya kawaida ukanyamaza kuhusu *gharama* zisizo za kawaida. Kwa hiyo fidia ilitolewa, lakini gharama iliyosababisha fidia hiyo ikabaki kumkandamiza. Ingehesabiwa kwa haki pande zote mbili, angepata 263 kwa 219, yaani 1.20. Bado tena. Lakini vyote viwili kwa pamoja vinafika 281, na 281 kwa 219 ni 1.28. Hii ikawa hoja yetu kuu benki: biashara haijaugua, imepata moto mmoja na jenereta moja ndani ya mwaka mmoja.

Ukiwa juu ya kiwango, fanya hesabu hiyohiyo ujue umebakiwa na nafasi ya shilingi ngapi kabla ya kushuka. Mtu aliyebakiwa na milioni 8 hanunui boti ya wageni mwezi wa tano.

Hatua ya 7: Weka tarehe, siku kwa siku

Watu huandika "mwezi mmoja na nusu" kichwani na kuishia kuchelewa. Siku 45 ni siku 45. Kutoka 31 Machi zinafika 15 Mei. Kutoka 30 Juni, 14 Agosti. Kutoka 30 Septemba, 14 Novemba. Kutoka 31 Desemba, 14 Februari. Siku 120 baada ya 31 Desemba ni 30 Aprili, lakini katika mwaka wenye Februari ya siku 29, kama 2028, ni 29 Aprili.

Tarehe ya mwisho wa robo iwe A2, orodha ya sikukuu iwe H2 hadi H20:

```
B2: =A2+45
C2: =WORKDAY(B2+1,-1,$H$2:$H$20)
```

B2 ni siku ya mwisho ya mkataba. C2 ni siku ya kazi iliyo kwenye tarehe hiyo au kabla yake, na hiyo ndiyo uifanyie kazi. Mwaka 2026, kwa mfano, 14 Februari na 14 Novemba zote ni Jumamosi. Mikataba mingine inasema tarehe ikiangukia siku isiyo ya kazi inasogezwa mbele, mingine inairudisha nyuma, mingine haisemi kitu. Ukifuata C2 huhitaji kubishana. Sikukuu za Idi huwezi kuziandika kwa uhakika mapema, kwa hiyo acha siku mbili za ziada robo ambayo Idi inakaribia mwisho wake wa siku 45.

Halafu soma kifungu cha namna ya kupeleka taarifa. Baruapepe kwa ofisa unayemzoea huenda isihesabike kama mkataba unataka barua kwenye anwani fulani, na anwani hiyo mara nyingi ni ya makao makuu Dar es Salaam. Peleka kwa njia iliyoandikwa, na uweke nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa yenye tarehe.

*Tahadhari:* Kuchelewesha hesabu ni uvunjaji unaojitegemea, hata kama kila uwiano uko sawa. Na cheti cha kutimiza masharti ni kauli yako kwa benki. Kutia saini kwamba umetimiza huku hujapiga hesabu kwa ufafanuzi wa mkataba ni kosa kubwa kuliko sharti lenyewe, kwani mkataba huitaja kauli isiyo ya kweli kama sababu inayojitegemea ya kudai deni.

Hatua ya 8: Pima mbele, robo mbili

Usingoje tarehe ya kupima. Dirisha la miezi 12 lina urahisi huu: robo tatu kati ya nne unazijua tayari. Kwa kipimo cha 30 Septemba 2025, robo ya milioni 112 inatoka, zinabaki 78, 71 na hasi 13, jumla 136. Deni la kulipwa katika dirisha jipya linashuka kidogo kwa kuwa riba inapungua: milioni 214. Mara 1.25 ni karibu 268. Kwa hiyo Julai hadi Septemba lazima ilete milioni 132, wakati mwaka uliotangulia ilileta 112.

Hilo ni swali ambalo daftari la buking linaweza kulijibu tangu Juni. Tulilikalia kibarazani na meneja wake, tukahesabu vyumba vilivyokwisha kulipiwa amana kwa Julai na Agosti. Ilionekana inafikika, ila bila kununua kitu kingine chochote cha kudumu kabla ya Oktoba.

Hatua ya 9: Ukiona utavunja, andika kabla ya siku ya kupima

Andika barua fupi yenye mambo manne: sharti gani, utafika wapi kwa makadirio, sababu zake kwa tarakimu, na unachoomba. Omba msamaha wa kipimo hicho kimoja, na ukiweza omba ufafanuzi urekebishwe. Bibi yetu aliandika wiki ya kwanza ya Juni. Alipata barua ya msamaha kabla ya tarehe 30, kwa kipimo kimoja, kwa ada, na kwa sharti la kupeleka hesabu za kila mwezi mpaka Septemba. Gharama za ukarabati wa moto nazo zikaruhusiwa kuondolewa pamoja na fidia yake kuanzia hapo.

Kuna sababu ya kihasibu ya kuwahi. Kwa kiwango cha IAS 1, ikiwa mpaka siku ya mwisho wa mwaka wa hesabu umevunja sharti na benki ina haki ya kudai deni lote, deni zima linahamia kwenye madeni ya muda mfupi, hata kama benki itakusamehe wiki moja baadaye. Barua ya 5 Januari haiokoi mizania ya 31 Desemba. Ili deni libaki la muda mrefu, benki iwe imekubali kabla ya mwaka kwisha, na muda iliokupa ufike angalau miezi 12 baada ya tarehe hiyo. Na kwa marekebisho yaliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2024, hata asiyevunja chochote anatakiwa aeleze kwenye maelezo ya hesabu masharti ambayo lazima ayatimize ndani ya miezi 12 ijayo ili deni lake liendelee kuitwa la muda mrefu.

Kabla hujatuma barua, soma na mkataba wa gari. Mikataba mingi ina kifungu kinachosema ukivunja mkopo wa kwingine, na huu umevunjika. Huenda ukahitaji barua mbili.

Ukikwama

*Benki imepata jibu tofauti na lako.* Usianze kwa kubishana juu ya uwiano. Omba karatasi yao ya hesabu, linganisha mstari kwa mstari. Nilizoona mimi, tofauti huwa kwenye kodi (iliyolipwa au iliyokadiriwa), kwenye ovadrafti (riba peke yake au na salio lote), au mmoja wenu anatumia ufafanuzi wa kabla ya barua ya marekebisho.

*Mkaguzi hatamaliza ndani ya siku 120.* Omba nyongeza ya muda kwa maandishi kabla ya tarehe, ukiambatisha barua ya mkaguzi inayotaja siku atakayomaliza. Wakati huohuo peleka rasimu ya hesabu. Rasimu haitimizi sharti, lakini inaonyesha hufichi kitu. Mwakani mwite mkaguzi Novemba ahesabu stoku na mali za kudumu mapema, maana Januari na Februari hoteli imejaa na hakuna atakayepata muda naye.

*Robo ya nne ulipita, hesabu zilizokaguliwa zinasema umeanguka.* Mkaguzi huleta marekebisho: uchakavu, madeni mabaya ya mawakala wa utalii, gharama zilizosahaulika. Uchakavu hauathiri uwiano wa kumudu deni kwa ufafanuzi wetu, ila unapunguza mtaji halisi. Madeni mabaya yanaathiri vyote viwili. Soma kama mkataba unataka cheti kipya baada ya ukaguzi. Ukitakiwa, kipeleke chenye tarakimu mpya na maelezo ya tofauti.

*Mapato ni ya dola, mkopo ni wa shilingi.* Shilingi ikiimarika, kama ilivyotokea mwishoni mwa 2024, mapato yaleyale ya dola yanakuwa shilingi chache na uwiano unashuka bila mgeni hata mmoja kupungua. Tafuta kwenye mkataba kiwango gani cha kubadilishia kinatumika: wastani wa kipindi, au cha siku ya kupima. Kama haukisemi, chagua wastani wa viwango vya Benki Kuu ya Tanzania kwa kila mwezi, kiandike kwenye cheti, na usikibadilishe robo inayofuata.

*Mkataba una siku za kurekebisha, unadhani unazo 30.* Soma tena zinahusu nini. Mara nyingi siku hizo ni za kuchelewa taarifa au bima iliyokwisha muda. Uwiano uliopimwa 30 Juni haurekebishiki tarehe 20 Julai, isipokuwa mkataba unasema wazi kwamba wanahisa wanaweza kuongeza mtaji na ukahesabiwa kana kwamba uliingia kabla ya siku ya kupima. Kifungu hicho kikiwepo, kiweke alama, kwa sababu kwa kawaida kina ukomo wa mara ngapi kinaweza kutumika katika maisha ya mkopo.